Beseni la Maji Baridi

Wahu, matroni wa bweni la wasichana Kiminini, ndiye aliyewafundisha watahiniwa kukesha wakisoma, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie. Dinah, mmoja wao, alikataa. Tangu muhula uanze, kila jioni alifunga kitabu, akajiuliza maswali machache ya masomo mapya na ya zamani, kisha akalala mapema.

“Mvivu wewe!” Wahu alimfokea.

Wamboi, binti ya Wahu mwenyewe, alitii, akakesha wiki nzima ya mwisho. Kwenye mtihani wa biolojia, Dinah aliandika bila kusita. Wamboi alikumbuka hata ukurasa wenye jibu, lakini jibu halikuja.

“Kesho ni kemia,” Wahu alimwambia kwa upole. “Leo lala.”

“Nikilala, Mum, nitaamka nikijua nini?”