Juzuu Thelathini za Bi Sabaha

Mzee Hashimu wa Mchafukoge ni mtu wa ubishi. Atabishana na muuza maji kuhusu ujazo wa ndoo, na atabishana na redio peke yake. Lakini mbele ya mashine anakuwa mpole kama bwana harusi, na upole huo ndio uliomponza.

Ilikuwa mwaka ule wa korona. Mkewe, Bi Sabaha, alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na mzee alitaka isomwe hitima. Zamani ilikuwa kazi ndogo. Mikeka inatandikwa, watu wanakaa, kila mmoja anachukua juzuu yake, na kabla kahawa haijapoa Kurani nzima imekwisha. Sasa Ummy, kitinda mimba, yuko Muscat na ndege hazitoki. Uledi yuko Mwanza na mkewe amejifungua juzi. Madada wa marehemu wako Tanga na miguu yao haiwataki tena. Ghorofa ya pili, vyumba vitatu, amebaki mzee na kabati la vyombo ambavyo havitoki.

Wakakubaliana kila mtu asome alipo, wahitimu Ijumaa alasiri. Ummy akaomba jambo moja: wasome katika msahafu wa mama. Bi Sabaha alisomesha watoto wa mtaa sebuleni kwake miaka mingi, na msahafu wake ulijaa alama za penseli. Penye alama mtoto mmoja alinyamaza, naye Bi Sabaha akamtazama wa pili na kusema, "Pokea." Wanawe wote walikulia kwenye alama hizo.

Mzee akaubeba msahafu mpaka Kariakoo, steshenari ya Theophil, Mchaga mmoja mtaratibu ambaye humsalimia shikamoo hata akiwa na wateja kumi.

"Tuskani wote, mzee wangu?"

"Wote, na kwa rangi. Penseli ionekane. Ila kitabu hiki nashika mimi, nina udhu. Wewe shika mashine."

Theophil hakuona ubaya. Akafungua mfuniko, akaonyesha jalada la kushoto, kama unavyoanza daftari. "Anzia hapa mbele, mzee."

Hapo mbele kwa Theophil ndipo mwisho kwa msahafu, maana Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia. Mzee Hashimu alijua hilo tangu hajaota meno ya utu uzima. Lakini alidhani mashine ina utaratibu wake, akafunua alivyoambiwa, kurasa mbili mbili, kuanzia Kul audhu birabbi nnas, sura ya mwisho, kurudi nyuma mpaka Alhamdu, ya kwanza. Mtu anayebishana na redio.

Likapatikana faili moja la PDF, MB 240. Enzi hizo WhatsApp ilikuwa haipitishi faili linalozidi MB 100, ikaligomea. Theophil akajaribu kulibana lipungue uzito. Maandishi yakabaki, alama za penseli zikafifia zikawa kama uchafu wa karatasi.

"Hizo ndizo ninazozitaka," mzee akasema.

"Basi tusilibane, tuligawe. Kuligawa hakupunguzi ubora, kila ukurasa unabaki ulivyo." Akaligawa mafungu matatu sawasawa, MB 80 kila moja, yakapita yote. Mzee akarudi nyumbani amefurahi, akanunua ubani njiani.

Furaha haikufika Isha. Ummy aliandika kwenye grupu kwamba fungu la kwanza linaanza na mwisho wa Kurani. Uledi akasema lake limekatika katikati ya aya, na bando lake limeishia hapo, kapakua fungu zima na hajui asome wapi. Dada mmoja wa Tanga alituma sauti: simu yake imejaa, wamsomee na yeye. Mzee akaiweka simu kando. Aliona wazi kwamba Ijumaa alasiri itafika, kila mtu atasema nimeshindwa, na hitima ya Sabaha itakuwa yeye na ukuta. Alilia, na sioni sababu ya kumficha.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza steshenari.

"Theophil, sisi tulishakigawa kitabu hiki zamani kabla ya simu. Kina juzuu thelathini."

"Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Nilidhani mashine inajua."

Theophil akacheka kwa adabu. Kwanza aliipindua orodha ya kurasa kwenye kompyuta, ya mwisho ikawa ya kwanza. Kisha mzee akaufungua msahafu, akawa anamwonyesha juzuu inapoanzia, na Theophil anaitafuta picha hiyo kwenye kioo. Namba za kitabu hazikuwafaa, maana kila picha ilibeba kurasa mbili, na jalada nalo lilihesabiwa. Wakafuata macho.

Juzuu ya pili tu wakakwama. Ya kwanza inaishia na ya pili inaanzia kwenye picha ileile.

"Tumpe nani hii?"

"Wote wawili," mzee akasema. "Mmoja aishie kwenye alama, mwenzake aanzie hapohapo."

Ikawa ndiyo kanuni. Kila picha ya mpakani iliingia pande zote mbili, na hakuna aya iliyokatwa. Kila juzuu ikawa faili lake, linalofunguka lenyewe bila kungoja mengine, MB nane hivi. Majina Theophil aliyaanza na 01, 02, 03, ili 10 isiitangulie 2 kwenye simu za watu. Mwisho akauliza, "Hii ya thelathini ni ya nani?"

"Yangu. Ilikuwa yake."

Ijumaa baada ya swala ya alasiri mzee alitandika mkeka mmoja, akachoma ubani, akamimina kahawa vikombe viwili kwa mazoea, akakirudisha kimoja. Grupu lilikuwa limechangamka. Uledi kamaliza saba. Tanga wamemaliza tano, hata yule wa simu iliyojaa, kwa sababu safari hii alipakua zake tu. Ummy alikuwa na nyingi kuliko wote, na ya ishirini na tisa ilibaki.

Simu ikaita.

"Baba, shikamoo. Niko stoo kazini, nimejiiba kidogo. Nimefika ukurasa wa mpakani, nilitaka nimalizie, kisha nikusikie ukianza yako."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Akasoma. Sauti ilikuwa ya mama yake, mpaka pale pumzi inapokatika. Alipofika kwenye alama alinyamaza, kisha akasema, "Pokea, baba."

Mzee akaanza Amma yatasaaluna, mwanzo wa juzuu ya thelathini, na Ummy akawa anamsikiliza kule Muscat. Sura moja, ya pili nusu, Ummy akanong'ona kwamba anaitwa, samahani baba, na simu ikakatika.

Akaendelea mwenyewe. Chini mtaani watu walikuwa wanafunga maduka, mikokoteni inapita na kelele zake. Alisoma kwa sauti, kama vile sebule imejaa, sura zikizidi kuwa fupi, mpaka akafika Kul audhu birabbi nnas, ileile iliyomwaibisha.

Aliyehitimu husoma papo hapo na Alhamdu, aanze upya. Mzee alinyanyua uso, akatazama pembeni ya dirisha, alipokuwa akikaa Bi Sabaha.

"Pokea," akasema.

Alingoja kidogo. Kisha akaufunua msahafu mwanzo, akapokea mwenyewe.