Bekoni Iliyotoka Laini

Nilijifunza kupika bekoni, vile vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, nikiwa Lodwar, kwenye kikaango. Unaipanga kikaango kikiwa bado baridi, unawasha moto wa wastani, unaigeuza kwa dakika kumi hivi mafuta yayeyuke polepole. Moto ukizidi, inaungua nje na mafuta ya ndani yanabaki laini. Nilipojua hilo tu, nikajiona fundi.

Nilipohamia hoteli moja Kakuma, mwenzangu jikoni alikuwa mama kutoka Sudan Kusini, naye alitumia oveni.

"Wageni ni ishirini," aliniambia. "Utageuza mpaka saa ngapi?"

Alipasha oveni ifike nyuzi mia mbili, akaingiza trei kwa dakika kumi na nane. Ilipotoka nilishika kipande, kikapinda. Nikasema ni mbichi.

"Ngoja ipoe, baba. Itakauka yenyewe." Akaweka vipande viwili kwenye karatasi ili nione.

Mimi na ubishi wangu, nikairudisha trei kwa dakika kumi nyingine. Ikatoka nyeusi yote.

Meneja akaja na kuuliza nani ameunguza. Nikajibu kwamba mwenye kutumia oveni humu ni huyu mama. Haukuwa uongo, na ndiyo maana jibu hilo linaniuma hadi leo. Mama alivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka, na hakurudi tena.

Nilipokuwa nafuta meza nikavikuta vile vipande viwili kwenye karatasi. Nilijaribu kukikunja kimoja. Kikavunjika.