Tabasamu Langu Usoni mwa Baba

Baba yangu alikuwa mchekeshaji jikoni, lakini ukimwelekezea kamera anageuka sanamu. Kwake picha ilikuwa jambo la kiserikali: nyoosha shingo, funga mdomo, tazama mbele. Tulipomzika kijijini Singe, tukabaki na picha chache na video moja fupi niliyomchukua kwa simu akiwa sebuleni. Zote amekunja uso kama anayesubiri hukumu.

Kisha mama akaanza kuishiwa macho. Presha ya macho. Daktari hakumficha: kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, tena kitu kiwe karibu. Tulipotoka hospitali akasema, "Nataka kumwona baba yako akitabasamu, hata mara moja, kabla macho hayajafunga kabisa."

Mimi si mtu wa maneno matamu. Nikamjibu, "Haya, tutaona," na kesho yake nikaenda mtaa wa Bagara kwa kijana anayepiga video za harusi. Siku hizi anazichezea kwa kompyuta mpaka unashangaa. Nikamwachia simu yenye video ya baba. Akauliza kama kuna ndugu anayefanana naye. Nikamtajia baba mdogo, ambaye kwenye harusi ya binti yake alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kijana mwenyewe ndiye aliyeipiga harusi ile.

Alichofanya ni kuchukua sura ya baba na kumvika baba mdogo kwenye video ile ya harusi. Mimi nilifurahi. Nilimwona baba anacheka, kichwa kinatikisika, nikatokwa na machozi palepale dukani. Nikampelekea mama nyumbani kwake Maisaka.

Mama akaisogeza simu karibu na pua. Akatazama, akarudia. Kisha akairudisha.

"Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Masikio yake, shingo yake, hata anavyotupa kichwa. Mmemvalisha uso wa mume wangu, mmemfanya kinyago. Mnataka niingie gizani na hiki kichwani?"

Jamani, niliumia. Nikarudi Bagara nimefura, nikampasha yule kijana. Akanisikiliza, akakuna kichwa. "Dada, pole. Kumbe mama hahitaji mzee anayecheka kama mtu mwingine. Tumwache mzee palepale kwenye kiti chake, masikio yake, makunyanzi yake, shati lake. Tunaazima tabasamu tu: midomo inavyopanda, mashavu, macho yanavyojikunja. Uso unabaki wake."

"Tunaazima la nani?"

Akaniangalia. "Mdomo wako na wake ni mmoja."

Akaniketisha mbele ya kamera. Tabasamu, dada. Ebo! Nilikuwa nimesahau linafanywaje. Nilijaribu, akasema hapo unaumwa jino. Nikajaribu tena, akasema sasa unadai kodi. Mwisho nikamkumbuka baba akimwigiza mchungaji huku ameshika mwiko, likaja lenyewe.

Alipolihamishia kwa baba, jambo moja lilikataa. Nilikuwa nimetabasamu hadi meno, na baba alipofungua mdomo alikuwa na meno kamili, meupe, yamepangika. Baba alikuwa na pengo mbele tangu ujana. Kijana akaeleza kwamba kwenye video yetu mzee hakufumbua mdomo hata kidogo, kwa hiyo kompyuta haijawahi kuyaona meno yake, imeyabuni. Tukarudia, safari hii nikatabasamu kwa midomo iliyofungwa. Ikakaa. Baba kwenye kiti chake, uso umekunjwa vilevile, kisha taratibu pembe za mdomo zinapanda.

Nikampelekea mama. Alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga. Akaisogeza simu karibu na pua tena. Alikuwa anamgusa baba shavuni kwa kidole, video inasimama, namwashia tena.

"Ndiye," akasema. "Asante, mwanangu. Ndiye kabisa." Kisha akacheka kidogo. "Ila tabasamu si lake. Lake lilikuwa likianzia upande wa kushoto. Hili ni la nani?"

"Ni langu, mama."

Akaitazama tena kwa makini, kama anayejifunza kitu.

"Kumbe ndivyo unavyotabasamu," akasema. "Ni zuri. Nilikuwa sijaliona tangu ukiwa mdogo."

Hakusema kwa kunilaumu, na hapo ndipo paliponiuma. Miaka yote ninampelekea unga, dawa, vocha, nimekunja sura ileile ya baba ya kwenye picha, kana kwamba na mimi napigwa picha ya kiserikali. Nikatabasamu tu, palepale, kwa ajili yake. Lakini alikuwa ameinamia simu, na hata angeinua kichwa, kutoka kiti chake hadi changu palikuwa mbali mno kwa macho yale.