Dosiye za Waliokuwa Hawajapigwa Picha

Mwaka ule wa vita vya kaskazini, watu wa upande wa Mitwaba walifika Lubumbashi kwa miguu na juu ya malori ya makaa. Wakalazwa katika hangari moja ya Kampemba. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na studio ndogo ya picha Kamalondo, basi kamati ya misaada ikamwomba apige kila familia picha ya karti. Bila karti hakuna unga.

Mimi sikuombwa kitu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikifika barabarani bila sababu, majirani wanauliza nani amekufa. Lakini nilimaliza sekondari, na kijana wa sibeka, duka la intaneti, alinifundisha kuandika skripti mbili tatu, yaani amri fupi za kompyuta, njo nikapewa kompyuta.

Yaya alikuwa na desturi yake. Familia ikifika tu, alifungua katika kompyuta dosiye yenye jina la baba au mama na hesabu ya watu, hata kabla ya kupiga picha. "Ili basipotee," alisema. Halafu kamati ikataka picha zote zipangwe kwa vijiji. Siku tatu nzima nilihamisha picha kutoka dosiye za zamani kwenda mpya. Zikabaki maganda: dosiye tupu mamia, na ndani ya nyingi kifaili kimoja kinachojificha, Thumbs.db, ambamo kompyuta huweka picha ndogo-ndogo za kuangalia haraka, kila mtu anapofungua dosiye yenye picha. Picha zikihama, hicho hakihami.

Shefu wa kamati alitaka diski isafishwe kabla ya saa sita. Nikaandika skripti ya kufuta Thumbs.db zote, kisha kila dosiye isiyobaki na kitu, kuanzia za ndani kabisa. Lakini mimi ni mwoga, na uoga huo nauita utaratibu: skripti yangu kwanza inasema tu itakachofuta. Haigusi kitu mpaka nirudie amri na neno moja la ziada.

Ripoti ikatoka katika mafungu mawili: dosiye zenye Thumbs.db peke yake, na dosiye zisizo na kitu hata kidogo. Yaya akasoma juu ya bega langu.

"Hizi za pili mbona haziko hata na kale kafishie ka kujificha?"

"Pengine hukuzifungua."

"Mie? Mie nafungua zote, naangalia sura moja moja. Wee njo hufungui hata mulango ya nyumba."

Alikuwa na haki mara mbili. Kama alifungua zote zenye picha, basi zile zisizo na kifaili hazijawahi kuwa na picha. Nikatafuta majina yale katika dosiye mpya za vijiji: hakuna hata moja. Zilikuwa familia arobaini na moja ambazo ziliandikwa na kusahauliwa foleni ilipovunjika, siku risasi zilipolia mjini. Kama ningefuta Thumbs.db bila ripoti, mafungu yote mawili yangefanana, na skripti ingeyafagia pamoja.

Shefu akaingia studio, na kalamu yake mfukoni.

"Bado? Futa yote, muntu wangu. Dosiye iko mutupu, bantu habako."

"Bantu beko, Shefu. Ni foto njo haiko."

"Liste imefungwa."

"Basi ifungue."

Yaya alinigeuzia macho kama ameona mbuzi anasoma gazeti. Hata mimi nilishangaa. Sauti ile sikujua nilikuwa nayo. Shefu akasema ataita mtu mwingine wa kompyuta. Nikamwambia amwite, na mbele yake nikatoa majina ya fungu la pili kutoka katika skripti, nikarudia amri na neno la ziada. Fungu la kwanza likaenda. Fungu la pili nikalichapa karatasi tatu, nikazibandika mlangoni pa studio, nje, kila mtu asome.

"Unanitafutia mambo," alisema Shefu.

"Ndiyo, Shefu. Leo ndiyo."

Yaya alikuwa tayari ameshachukua aparei yake ya picha.

Mchana huohuo tulikuwa hangarini. Shefu alikuja nyuma yetu, akasimama mbali, mikono kifuani. Nikaita jina la kwanza la ripoti. Mama mmoja akasimama na watoto wake, akawapanga mbele ya ukuta kwa urefu, mdogo akampandisha mgongoni.

"Mama, hapa iko imeandikwa bantu batano," nikamwambia. "Naona sita."

"Huyu alizaliwa hapahapa, wakati nyie mulikuwa munatusahau."

Nilikaa juu ya gunia, nikafungua kompyuta, nikabadilisha hesabu katika jina la dosiye: sita. Shefu alikuwa anatazama. Niliigeuza skrini kumwelekea, asome vizuri, na Yaya akapiga picha.