Asumini Katika Tangi la Mayasa

Mwaka wa saba huu nakaa chumba kimoja cha kazi na Mayasa Silima, na nawaambieni mapema kwamba si mtu rahisi. Ukimwazima kalamu anairudisha na kifuniko chake. Ukimwambia "kama saa nne hivi" atakuuliza ni saa nne kasoro ngapi. Nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu, na nampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Maabara yetu iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe yenye ngazi zinazokatisha pumzi. Mimi napokea vifaa na kuandika vyeti. Mayasa ndiye mwenye tangi. Tangi lenyewe ni la chuma, la pembe nne, mapana yake kama sinia kubwa la biriani na kina chake mpaka kwenye kiwiko. Ubavuni lina koili ya kupasha moto, na katikati lina mota yenye panga dogo la kuchanganya maji. Humo ndimo vinamotumbukizwa vihisi vya joto vya watu: vya mafriji ya chanjo, vya matangi ya kukamulia mafuta ya karafuu, vya watafiti wa bahari. Pamoja navyo hutumbukizwa kipimajoto chetu cha rejea, ambacho sisi tunakiita Bwana Harusi, kwa sababu hukaa ndani ya sanduku lenye kitambaa laini na akitoka lazima kila mtu amtazame yeye. Bwana Harusi akisema maji yana nyuzi thelathini kamili na kihisi kikasema thelathini na nusu, basi kihisi kinazidisha, na kwenye cheti naandika kipunguziwe nusu nyuzi.

Lakini hesabu hiyo ina maana iwapo tu maji yanayomgusa Bwana Harusi na maji yanayokigusa kihisi yana joto moja. Kwa hiyo tangi nalo hupimwa kabla ya kupimia wenziwe. Kwanza utulivu: joto la mahali pamoja lisipande wala kushuka kadiri dakika zinavyopita. Pili usawa: joto la pembe hii liwe ndilo la pembe ile, na la juu liwe ndilo la chini. Mayasa hulichora tangi kwenye karatasi, akaweka namba kila mahali anapopima, na ramani hiyo huibandika ukutani karibu na kalenda. Hulichora upya kila mwezi wa nne.

Mayasa ni mtoto wa Bwejuu, na kasomeshwa kwa mwani. Mama yake, Bi Kidawa, ameinama kwenye maji ya kupwa miaka thelathini, akifunga mwani kwenye kamba, kipande baada ya kipande. Ada ya skuli ilitoka humo, na nauli ya kwendea chuo Dar es Salaam, na hata sanduku la bati alilosafiria. Mayasa akisimulia habari hizo hutazama dirishani. Mimi humtania kwamba yeye ndiye mwani uliokauka vizuri kuliko wote, naye hucheka kwa pua.

Miaka ya karibuni maji ya ufukweni yamekuwa yakipata moto, na mwani wa kotoni, ambao ndio wenye bei, ukawa unaoza kwenye kamba. Mwaka juzi wakaja watafiti na mpango. Wangeweka kihisi kimoja kwenye shamba la Bi Kidawa, maji ya magotini, na kimoja kule mbele kwenye maji ya kina. Kule kukizidi shambani kwa ubaridi wa nusu nyuzi au zaidi, kina mama wangesaidiwa kuhamia huko, kwa mashua. Bi Kidawa ana miaka sitini na moja na hajui kuogelea. Kwenye maji ya kina angesimama mpaka kifuani, na wimbi likija lingemfika mdomoni. Mayasa alikuwa anaogopa, na hakunificha. Aliniambia waziwazi: "Reem, naomba tofauti isifike nusu."

Vihisi vya mwani vilikuja kwetu mwezi wa kumi, wiki ile ile mota ya tangi ilipoungua. Fundi Mmanga wa Darajani akatuwekea nyingine. Watafiti walikuwa wanangoja, bamvua, siku za maji kupwa sana, limekaribia, na Mayasa naye alikuwa na haraka, jambo ambalo sijamwona nalo kabla wala baada. Alimtumbukiza Bwana Harusi katikati ya tangi akamwangalia nusu saa. Namba haikutikisika. "Maji yametulia," alisema, akatumia ramani ya mwezi wa nne kama ilivyo, akapanga vihisi vinane, viwili vya mwani na sita vya wateja wengine, kwenye kikapu chake na kuvipima. Mimi niliandika vyeti. Hakuna aliyekumbuka kwamba ramani ile ilichorwa wakati wa mota ya zamani.

Mwezi wa kwanza majibu yakatoka: maji ya kina yamezidi ubaridi kwa sehemu mbili tu za kumi za nyuzi. Hapana haja ya kuhama. Mayasa alimpigia mama yake simu mbele yangu. Nilimsikia Bi Kidawa akiuliza, "Una hakika, mwanangu?" naye akajibu, "Mama, nimepima mwenyewe." Siku ile alituagizia urojo chumba kizima.

Mwezi wa pili kotoni yote ya Bi Kidawa ikaoza. Tukasema ni maradhi ya mwani.

Mwezi wa tatu vihisi vya mwani vikarudi kupimwa upya, na hapo ndipo nilipolitia ua langu tangini. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya binamu yangu, kichwani bado nina asumini. Nikainama kumpa Mayasa karatasi, ua moja likadondoka ndani ya maji. Nilijua nitakula maneno. Mayasa akanyoosha mkono kulitoa, kisha mkono ukasimama hewani.

Ua lilizunguka kwa uvivu, upande ambao si wake. Siku zote uchafu ukidondoka humo huzunguka kufuata saa, kwa kasi, ukavutwa chini. Hili lilikwenda kinyume, likajisogeza mpaka pembe ya nyuma, karibu na koili, likakaa hapo. Tukalitazama dakika nzima. Halikutoka.

"Mota inazunguka kinyume," Mayasa alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nyaya zimepishana."

"Basi zipishanishe tena," nikamwambia, nikashika bisibisi.

"Weka chini hiyo. Nikiigeuza sasa sitojua nlikosea kiasi gani."

Nakiri nilikasirika. Nilimwambia arekebishe mota, apime vihisi upya, cheti kitoke, maisha yaendelee. Watafiti walishakwenda na majibu yao. "Nani atauliza?" nikamwambia. Mayasa alikuwa anapanga kikapu vile vile kilivyokuwa mwezi wa kumi, kwa kufuata daftari lake: kihisi cha maji ya kina nafasi ya nne, katikati, kihisi cha shamba la mama yake nafasi ya saba, pembe ya nyuma.

Kisha akaanza. Kipimajoto cha pili, ndugu yake Bwana Harusi, alikisimamisha katikati kisiguswe, kiwe shahidi iwapo tangi zima litapanda au kushuka. Bwana Harusi mwenyewe akamhamisha nafasi moja hadi nyingine, juu na chini, kila pahala akimwachia muda wa kutulia, halafu akichukua tofauti baina yake na shahidi. Mimi nilikuwa naandika. Katikati, hakuna tofauti. Mbele kulia, sehemu moja ya mia. Mbele kushoto, sehemu mbili za mia. Nafasi ya saba, moto zaidi kwa sehemu nne za kumi.

Alimrudisha Bwana Harusi katikati kuhakikisha, akapata namba ile ile ya mwanzo. Akabadilishana vipimajoto viwili, asije akawa anasingizia maji kosa la chombo. Nafasi ya saba ikasema vile vile. Na kila pahala, hata hapo pembeni, namba ilikuwa imetulia kama mtu aliyelala.

"Maji yalitulia kweli," alisema. "Lakini hayakuwa sawa. Mimi nlitazama utulivu tu."

Nikahesabu mwenyewe, nikitaraji nimekosea. Kihisi cha Bi Kidawa kilikaa kwenye maji ya moto, kikasema kweli kwamba ni ya moto, na sisi tukakiadhibu. Tukakiandikia kipunguziwe sehemu nne za kumi. Shambani kikapunguziwa. Tofauti ya sehemu mbili ilikuwa sehemu sita. Imepita nusu.

Ndipo Mayasa akageuza nyaya za mota. Maji yakazunguka kwa kasi yao ya zamani, akalichora tangi upya, na pembe zote zikatofautiana kwa sehemu mbili za mia tu. Alipopima vihisi tena, kile cha shamba la mama yake hakikuhitaji kupunguziwa kitu. Kilikuwa kizima tangu mwanzo. Akavua miwani, akalia, nami nikalia naye, kwa sababu nilijua anachokwenda kukitia saini. Alikuwa anampeleka mama yake kwenye maji ya kifuani.

Mkuu wetu, Bwana Ismail, aliisoma barua ya Mayasa ya kukiri kosa mara mbili, akauliza swali moja tu, iwapo vihisi vingine vyote vilivyopita tangini tangu mwezi wa kumi vimeshaitwa virudi. Vilikuwa vimeshaitwa. Akaipeleka kwa watafiti siku hiyo hiyo.

Jumamosi tukaenda Bwejuu. Bi Kidawa alikuwa barazani na kamba zake, anafunga mbegu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso hizo?"

Mayasa alikaa chini, hakungoja hata maji ya kunywa. Akaeleza yote, tangi na mota na pembe, kwa maneno mepesi kuliko anayonipa mimi. "Nlikosea, mama. Maji yako yana moto. Kina kirefu ndiko kwenye ubaridi. Kotoni yako imeoza kwa sababu yangu."

Bi Kidawa aliacha kufunga. Akaitazama miguu yake, iliyokauka kwa chumvi.

"Basi si miguu yangu," alisema.

"Vipi, mama?"

"Toka mwezi wa kumi na mbili nnasikia moto nikikanyaga pale. Nkataka kukwambia. Lakini wewe ushapima, ukasema maji mazuri. Nkasema basi, Kidawa, miguu yako ishazeeka, haijui tena." Akacheka kidogo. "Nlihuzunika, sikufichi. Hii miguu ndiyo elimu yangu."

Mayasa aliinama akaichukua miguu ile, akaipakata, akaifuta mchanga kwa pembe ya mtandio wake. Bi Kidawa alimwachia. Baada ya muda akamgusa kichwani akasema, "Sasa kuogelea utanifundisha wewe, au na hilo mpaka upime kwanza?"

Anafundishwa mpaka leo, kila Ijumaa maji yakijaa, na hunywa maji mengi na kutulaumu sisi. Mashua imeshapatikana. Shamba jipya limewekewa kihisi kipya, na siku ya kukiweka nilikuwapo. Bi Kidawa alishuka kwanza, maji yakamfika kifuani, mkono mmoja kaushika ubavu wa mashua. Mayasa alikuwa na kihisi mkononi, lakini hakukitumbukiza. Alifungua daftari, akachora safu moja zaidi pembeni mwa namba zake, akauliza:

"Mama, miguu inasemaje?"

Akangoja miguu itulie. Akaandika jibu, kisha ndipo akakishusha kihisi majini.