Gari la Siku ya Sabato

Mjane huyo alikuja ofisini kwetu Kisii akiwa na shemeji yake, wiki chache baada ya mazishi. Kazi yangu ilikuwa kushughulikia fidia za watu waliofia kazini. Mumewe alikuwa akiuza mbolea ya kampuni moja, akizunguka Nyamira na Ogembo kwa pikapu ya kampuni, na ajali ilimkuta humo. Nyumba yao ya Birongo ilikuwa bado kuta tu. Ile waliyopanga mjini alitakiwa kuihama. Fidia ndiyo ingenunua paa.

Kwa hesabu ya fidia, kampuni ilikuwa imetutumia kiwango cha mshahara wa msingi peke yake. Niliwaeleza polepole kwamba fidia hupatikana kwa kuzidisha mapato ya mwezi mara nyingi, kwa hiyo hata kitu kidogo kikikubaliwa kuwa mapato, hukua. Posho ya nyumba ilikuwa ikilipwa kila mwezi. Hiyo ingeingia, kampuni ipende isipende.

"Na simu?" shemeji akauliza. "Walimpa simu na pesa ya kupiga."

"Alikuwa akiwapigia wateja. Hiyo ni gharama ya kazi, mzee. Haihesabiwi."

"Haya, gari? Birongo nzima inajua lilikuwa gari lake. Lilikuwa linalala kwake!"

"Kulala hakutoshi. Alilitumia kwa mambo yake mwenyewe? Katika mapato sheria inataja chakula na makao, gari haitaji. Lakini kama alipewa alitumie kama lake, naweza kulipigania."

"Alilitumia sana! Kila Sabato anabeba kwaya. Mama yetu anakaa mbele kama mbunge!"

Mjane alicheka kidogo, akifuta macho kwa leso.

"Lakini alikuwa analipia," akasema. "Safari za Sabato aliziandikisha, wakamkata kwa kila kilomita. Hakutaka kwaya ibebwe na mafuta ya wenyewe."

Alisema hivyo kwa fahari. Shemeji yake akampigia meza.

"Wewe! Nani alikuuliza?"

Nililazimika kumweleza mama yule kwamba kitu ambacho mtu anakilipia mwenyewe si malipo anayopewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ningenyamaza?"

"Hapana, mama. Makato hayo kampuni inayo. Wangeyaleta wenyewe, na hapo hata la posho wangelitilia shaka. Hujaharibu kitu."

Nilitaka sana aniamini. Shemeji yake hakuniamini. Alichukua kofia akatoka, akisema barazani kwa sauti kwamba watu wengine hata wakifiwa hawajui kujisaidia.

Mama alibaki kitini.

"Hiyo ya nyumba itafikisha mabati?"

Nilimwambia ukweli, kwamba ingeongeza, ila sikudhani ingefunika nyumba yote.



"Basi tutaanza na vyumba vya nyuma," akasema. "Sebule ikae hivyo."