Jina Ambalo Mkwe Halitamki

Kamisua alimzaa mama yake alipokuwa na miaka thelathini na kitu, baada ya watoto wa kiume watatu. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na majirani wakacheka, lakini yeye hakuwa akitania. Alipompakata yule mtoto wa kike kwa mara ya kwanza alimwita Ipisu, jina la utotoni la mama yake, na siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya mtoto mikononi, hata wa kumwosha.

Mama yake alikufa mwaka wa surua. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya Mto Kuluene, na watu walikufa hata wakakosa wa kuzikana. Waliobaki walitawanyika, kila mmoja akashika njia yake. Kamisua alikuwa na miaka minne. Makalu, dada wa marehemu baba yake, alimchukua akamlea, akamlisha, akamfunza kukamua muhogo na kuoka mikate yake. Ila kitu kimoja hakuweza kumpa. Mama yake Kamisua alikuwa wifi yake Makalu, na jina la wifi halitamkwi, si kwa kuwa ni jina baya, bali kwa kuwa ni la mkwe. Mtoto alipouliza, Makalu alitazama pembeni akasema, "Mama yako alikuwa mama yako. Mimi mdomo wangu haupiti hapo, mwanangu."

Jina la Ipisu alilipata kwa bahati. Kulikuwa na bibi mmoja aliyewahi kucheza na mama yake mtoni walipokuwa wadogo, kisha akaolewa mbali kabla mwenzake hajavunja ungo. Huyo alilijua jina la utotoni tu. Na jina la utotoni ni kama ngozi ya nyoka, huachwa. Msichana akishatoka ndani huitwa jina la ukubwani, lile alilokuwa nalo bibi yake baada ya yeye mwenyewe kutoka ndani, na lile la zamani halisikiki tena. Kwa hiyo mama yake Kamisua alizaa, akapika, akacheka na akafa akiitwa jina ambalo bintiye hakulijua.

Nyumbani mwao mtoto alikuwa na majina mawili, kama kila mtoto. Kamisua alimwita Ipisu. Hugaki, mumewe, hakuweza kulitamka, maana lilikuwa la mama mkwe wake, hata kama mama mkwe huyo hakumwona kwa macho. Yeye alimwita Januma, jina la utotoni la mama yake yeye. Na Kamisua naye hilo la Januma halikumpita mdomoni, kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa hai, tena anaketi pale pale jikoni akisokota pamba. Mtoto aliitikia yote mawili na hakuona ajabu.

Ipisu alipovunja ungo, Hugaki alikata miti akajenga ukuta kwenye pembe ya nyumba, akauziba kwa makuti. Huko nyuma yake msichana alitundikiwa machela yake. Siku za damu hakula samaki. Damu ilipokoma, mama yake alimfunga nyuzi za pamba chini ya magoti na juu ya vifundo, akazikaza ili miguu inenepe na kuwa mizuri. Nywele za mbele ziliachwa ziote, zikashuka hadi puani, zikamfunika macho. Alinong'ona badala ya kusema. Alitoka kwa mlango wa nyuma tu, watu wakiwa wachache. Alifuma machela na kusokota pamba, na ngozi yake ikapauka kwa kukosa jua, rangi ambayo wanawake wote waliokuja kuchungulia waliisifu.

Ndipo shauku ya Kamisua ikageuka kuwa ugonjwa. Mwaka ule kijiji chao kingefanya sikukuu ya magogo, yanayosimamishwa uwanjani badala ya wafu, kumlilia chifu aliyekufa, na wasichana wote waliowekwa ndani wangetolewa siku hiyo. Upande wa baba jina lilikuwapo tayari. Mama mkwe alikuwa amekwisha sema kwamba jina lake la Auagi atampa mjukuu, na yeye atachukua jingine alilorithi kwa bibi yake mkubwa. Alishaanza hata kulizoea, akiitwa la zamani anajifanya kiziwi. Upande wa mama hapakuwa na kitu.

"Nitamtoa mwanangu akiwa na nusu," Kamisua alimwambia mumewe. "Nitamwita nini? Nitaendelea kumwita jina la mtoto mchanga, watu wanicheke?"

Hugaki aliendelea kufunga wavu wake. Alikuwa mtu wa maneno machache na nyavu nyingi.

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu, wajumbe waliotumwa kualika vijiji vingine walirudi. Walipokwisha toa habari zao uwanjani, mmoja wao alikuja hadi mlangoni kwa Kamisua. Alisema kijiji cha juu kabisa, siku nne kwa mtumbwi, kuna mzee anaitwa Haisugi, aliyehamia kwa watu wa mkewe tangu mwaka wa surua. Mzee huyo aliuliza kama kuna anayejua alikokwenda mtoto wa dada yake, msichana mwenye kovu la moto begani.

Kamisua aliuweka ungo chini. Akalishika bega lake.

Alitaka kuondoka siku ile ile, lakini mama wa msichana aliye ndani haendi safari. Nani angemfungua na kumfunga nyuzi, nani angempikia? Wanawe watatu walikuwa wameoa na kwenda kuishi kwa wakwe zao, kila mmoja na kazi za baba mkwe. Hugaki alitazama mtumbwi wake, akatazama mkewe, akasema, "Nitakwenda mimi. Nitamwuliza jina, nitakuletea."

Kamisua alishukuru hata akashindwa kucheka. Mama mkwe alicheka kwa niaba yake. "Mwanangu," alisema bila kuinua macho kwenye pamba yake, "utalileta kwa mdomo gani?"

Hugaki alisimama pale na kasia mkononi. Kwa kweli hakuwa amefikiri. Lakini alikwishasema kwamba atakwenda, akaenda.

Alimkuta Haisugi amelala kwenye machela, miguu yake imekauka kama kuni, masikio bado mazima. Hugaki alikaa upande, macho chini, kama inavyompasa mtu mbele ya mjomba wa mkewe, akaeleza shida yao kwa sauti ndogo. Mzee akauliza mtoto wa dada yake amekuwa mtu wa namna gani. Hugaki akasema ni mkali, mikate yake ni myembamba, na analia akidhani hakuna anayemwona.

"Ndiye," mzee alisema. "Sasa, mkwe, nikikuambia jina utafanya nalo nini? Utarudi nalo limefungwa kinywani kama samaki aliyemeza ndoana, mkeo akuulize, wewe ukodoe macho."

"Ndiyo hofu yangu, mkwe."

"Hapa kijijini pia hakuna wa kumtuma. Watoto wa mke wangu hawalijui, sikuwaambia. Tangu dada yangu afe sijalitamka." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha mikono. "Nibebe."

Hugaki alimbeba mgongoni hadi mtoni, akamlaza kwenye mtumbwi juu ya machela yake mwenyewe. Walisafiri siku sita, maana mzee alichoka upesi na kila mchana ilibidi wapumzike kivulini. Njiani hawakulitaja jina. Mzee alizungumza habari za samaki, na mara moja tu, walipopita mahali palipokuwa kijiji chao cha zamani, akaomba mtumbwi usimame. Miti ya matunda ya pikwi waliyopanda wazee wake bado ilikuwapo, imejipanga msituni. Wakaendelea.

Kamisua alipomwona mzee akishushwa alikaa chini na kulia, na mjomba naye akalia, kwa sauti, kama wanavyolia watu waliopoteana. Kisha Kamisua akamwomba jina palepale. Mjomba akakataa. "Lina siku yake," alisema. "Nimelibeba miaka yote hii, wewe utashindwa siku tatu?"

Alishindwa, ila alingoja.

Siku ya sikukuu wageni walijaa uwanja, wapiganaji wakashikana mieleka mbele ya magogo yaliyovikwa manyoya na mishipi, waliofiwa wakalia machozi yao ya mwisho. Ipisu akatoka kwenye mwangaza wa mchana, mweupe, mnene wa miguu, nywele zimemfunika uso, akitazama chini, akawagawia machifu wa wageni kokwa za pikwi. Wapo waliouliza huyo ni wa nani. Kamisua alisimama mlangoni na hakusikia hata nusu.

Wageni walipoondoka, familia ilikaa ndani. Kamisua alizikata nywele za mbele za bintiye kwa usawa wa nyusi, na macho yakaonekana, yakipepesa. Mama mkwe alitangulia, akasema mjukuu wake sasa ni Auagi, na yeye mwenyewe asiitwe tena hivyo. Kisha wote wakamgeukia mzee. Hugaki alitazama dari.

"Kehualu," alisema Haisugi. "Dada yangu alitoka ndani akaitwa Kehualu. Huyu naye ni Kehualu."

Miaka yote Kamisua alidhani atakapolisikia atalitambua, kwamba lingekuwa limelala mahali fulani ndani yake tangu utotoni, likiitwa litaamka na uso wa mama. Halikuamka. Lilikuwa neno geni, zuri, la mtu asiyemjua. Alimwambia mjomba wake hivyo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa.

Mzee alimtazama. "Ungelitambuaje? Wewe ulikuwa ukimwita mama. Kehualu tulikuwa tukimwita sisi." Kisha akaongeza, "Alipokuwa akiitwa alichelewa kuitika. Tulimwita mara mbili, tatu. Hakuwa kiziwi, alipenda tu kuitwa."

Haisugi hakurudi kwao. Alikaa kwa Kamisua miezi mitano, akalishwa uji wa muhogo, akafa msimu wa mvua, na akazikwa uwanjani. Katika miezi hiyo alimsimulia mpwa wake kila alichokikumbuka, na kilikuwa kidogo. Dada yake alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana. Aliogopa kunguru. Uso, Kamisua hakuupata.

Baba wa msichana aliendelea upande wake, "Auagi, niletee maji," na bibi wa jikoni akaitwa jina lake jipya, akaliitikia upesi, maana alikwisha kulizoea. Katika nyumba ile, mjomba alipokwisha kufa, Kamisua alibaki peke yake wa kulitamka lile jina jingine. Alilitamka sana. Asubuhi moja alisimama juu ya njia ya mtoni, kikapu cha muhogo kichwani, akamwona bintiye chini majini akiosha nywele zake.

"Kehualu," akaita.

Msichana alikuwa hajalizoea vizuri, akaendelea kuosha.

"Kehualu."

"Naam, mama," msichana akaitika, akainua uso.

Kamisua hakuwa na la kumwagiza. Akaita tena.